Asilimia 65 soka, asilimia 45 netiboli: wangapi wanapenda yote miwili?

Michezo ya UMISSETA inapokaribia, walimu wa michezo hapa Tanga mjini huniletea swali la aina moja. Wamewauliza wanafunzi michezo wanayoipenda, wamepata asilimia ya soka na asilimia ya netiboli, na sasa wanataka kujua wangapi wanapenda yote miwili. Hitaji lao ni la kweli. Hao wa pande mbili ndio wanaovuruga ratiba, maana mtoto mmoja hawezi kuwa kwenye mazoezi ya soka na ya netiboli saa kumi ileile jioni.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na mada ya seti naipenda kuliko nyingine zote. Kabla sijashika kalamu huwa nauliza: "Na wasiopenda hata mmoja, Mwalimu, ni asilimia ngapi?" Mara nyingi namba hiyo haipo. Hakuna aliyefikiria kuwahesabu, kwa kuwa hawaonekani kuhusika na lolote. Kumbe wao ndio wanaoamua jibu.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 240. Tarakimu nimezichagua mwenyewe ili hesabu itoke bila vipande vya watu. Wanaopenda soka ni asilimia 65, wanaopenda netiboli ni asilimia 45. Jambo la kwanza linaloshtua watu ni kwamba jumla ni 110. Nimewahi kuona ripoti ikirudishwa kwa sababu hiyo tu, eti asilimia haziwezi kuzidi 100. Zinaweza, bila kosa lolote. Mwanafunzi anayependa yote miwili amehesabiwa mara mbili, mara moja kwenye soka na mara nyingine kwenye netiboli. Ziada ya 10 inatokana na hao waliohesabiwa mara mbili.

Hapo wengi husimama na kusema: basi wanaopenda yote miwili ni asilimia 10. Ni kweli endapo kila mwanafunzi wa shule ile anapenda angalau mchezo mmoja kati ya hii miwili. Shule ya namna hiyo mimi sijaiona. Kuna anayependa wavu, kuna wa riadha, na kuna ambaye kipindi cha michezo kikifika anatafuta kivuli cha mwembe. Tuseme wasiopenda hata mmoja ni asilimia 15. Basi wanaopenda angalau mchezo mmoja si 100 tena, ni 85. Zile 110 zinapaswa kuenea ndani ya watu 85 kwa kila 100, na haziwezi kuenea pasipo 25 kati yao kuhesabiwa mara mbili. Wanaopenda yote miwili ni asilimia 25.

Wanafunzi wangu hukataa jambo hili mwanzoni, nami huwaacha wakatae kidogo. Inaonekana kinyume cha akili kwamba wasiopenda chochote wakiongezeka, wanaopenda vyote nao wanaongezeka. Lakini angalia kinachobaki palepale: 65 ya soka na 45 ya netiboli hazijaguswa. Ukimtoa mtu mmoja nje kabisa ya michezo hii, kura zake lazima zibebwe na mwingine aliyebaki ndani, na huyo tayari alikuwa na mchezo wake mmoja. Kwa kila asilimia 1 ya wasiopenda chochote, asilimia 1 inaongezeka kwa wanaopenda yote miwili.

Kwa herufi ni hivi. Wanaopenda yote miwili tuwaite x. Wa soka peke yake ni 65 − x, wa netiboli peke yake ni 45 − x, na wasiopenda chochote ni 15. Makundi haya manne hayaingiliani na yanaimaliza shule nzima:

```
(65 − x) + x + (45 − x) + 15 = 100
125 − x = 100
x = 25
```

Ukichora yale maduara mawili yanayokatana, mchoro uliopewa jina la John Venn, Mwingereza aliyeuandikia mwaka 1880, anza kujaza katikati, pale maduara yanapokutana. Andika 25. Kisha soka peke yake: 65 toa 25, unapata 40. Netiboli peke yake: 45 toa 25, unapata 20. Nje ya maduara, 15. Jumlisha: 40, 25, 20 na 15 ni 100. Kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye madaftari ni mwanafunzi kuandika 65 kwenye sehemu ya soka peke yake, akisahau kwamba 65 ni ya duara zima, pamoja na kipande cha katikati. Kosa hilo hujitangaza lenyewe, kwa sababu jumla ya sehemu nne inakuwa 65, 25, 45 na 15, yaani 150. Jumla ya sehemu nne ikipungua au kuzidi 100, kuna kitu kimewekwa mahali pasipo pake.

Na kama mwalimu wa michezo hana kabisa namba ya wasiopenda chochote? Hapo hakuna jibu moja, ila tunajua jibu liko kati ya wapi na wapi. Chini kabisa ni 10, pale kila mtu anapopenda angalau mmoja. Juu kabisa ni 45, pale kila mpenda netiboli anapopenda na soka; haiwezi kupita hapo, maana wa yote miwili hawawezi kuwazidi wapenda netiboli wenyewe. Katika hali hiyo wasiopenda chochote ni 35. Mipaka hii miwili inajulikana kwa jina la Mfaransa Maurice Fréchet, ingawa George Boole alishaishughulikia mwaka 1854. Kama jumla ya asilimia mbili haifiki 100, mfano 30 na 45, mpaka wa chini ni sifuri: huenda hakuna hata mmoja anayependa yote miwili. Kwa shule yetu, kati ya 10 na 45 maana yake ni kati ya wanafunzi 24 na 108. Pengo hilo ni kubwa mno kupangia ratiba, na ni afadhali mwalimu alione lilivyo kuliko kupewa namba moja isiyo na msingi.

Namba isiyo na msingi inayopendwa zaidi ni ya kuzidisha. Mtu anachukua 0.65 mara 0.45, anapata 0.2925, anaandika asilimia 29.25. Kwa wanafunzi 240 hiyo ni watu 70.2, na hiyo sehemu ya mtu ingetosha kumwambia kwamba hakumhesabu yeyote. Kuzidisha kunafaa pale tu ambapo kupenda mchezo mmoja hakuhusiani kabisa na kupenda wa pili. Shuleni kwetu hilo haliwezi kuchukuliwa hivihivi. Timu za netiboli karibu zote ni za wasichana, na kwenye soka wavulana ndio wengi. Michezo miwili ikiwa imegawana wanafunzi namna hiyo, wanaokutana katikati huwa wachache kuliko kuzidisha kunavyodai. Kwingine mambo yanageuka: mwanafunzi mwenye mapenzi na michezo anapenda kila kinachochezwa uwanjani, na katikati panajaa kupita kuzidisha. Upande upi unashinda, hesabu haiwezi kukwambia. Ni wanafunzi wenyewe watakaosema.

Kuna tatizo jingine linalojificha ndani ya neno dogo "ya". Asilimia 25 tuliyoipata ni ya shule nzima, yaani wanafunzi 60. Lakini mwalimu wa soka akisema, "Asilimia 38 ya wachezaji wangu wanapenda na netiboli," na mwalimu wa netiboli akasema, "Mbona kwangu ni zaidi ya nusu wanaopenda soka?" hawapingani. Wapenda soka ni 156, na 60 kati ya 156 ni kama asilimia 38. Wapenda netiboli ni 108, na 60 kati ya 108 ni kama asilimia 56. Ni wanafunzi walewale 60, wamegawanywa kwa vigawanyo vitatu tofauti. Kwa hiyo ukisoma "asilimia 38 wanapenda yote miwili", usiiweke kwenye fomula kabla hujajua ni ya nani. Ukiiweka 38 katikati ya maduara yetu, soka peke yake inabaki 27 na netiboli peke yake 7. Jumla ya ndani inakuwa 72, na nje inabidi wawe 28, wakati uliwahesabu ukapata 15. Hapo ndipo unapojua kigawanyo kimekosewa.

Haya yote yanategemea swali lilivyoulizwa darasani. Ukiandika "Unapenda mchezo gani? Chagua mmoja", umewalazimisha wa pande mbili wajifiche upande mmoja. Asilimia zitajumlika vizuri hadi 100, ripoti itapendeza, na waliokuwa katikati hawatapatikana tena kwa fomula yoyote. Kunyoosha mikono mara mbili ni afadhali, kwa sababu anayependa yote atanyoosha mara zote mbili, lakini bado mwisho wa siku unabaki na jumla mbili tu.

Ninachowashauri ni karatasi ndogo yenye maswali mawili, kila moja na jibu lake: Unapenda soka, ndiyo au hapana? Unapenda netiboli, ndiyo au hapana? Bila jina, ila darasa na kama ni msichana au mvulana. Zikirudi, usianze na asilimia. Zipange mezani mafungu manne: ndiyo-ndiyo, ndiyo-hapana, hapana-ndiyo, hapana-hapana. Hesabu kila fungu, hakikisha jumla inalingana na karatasi zilizorudi, ndipo ugawanye. Fungu la kwanza ndilo jibu lako, na fomula inabaki kuwa ya kuhakiki tu.

Asilimia uziandike mwishoni kabisa, na namba za watu uziweke kando yake. Mwalimu mmoja alinipa 62, 43 na 18 kwa shule ya watoto 240 akitaka nimtafutie wa katikati. Fomula inatoa 23. Lakini asilimia 62 ya 240 ni 148.8, na hakuna 0.8 ya mwanafunzi, kwa hiyo namba zilikuwa zimekadiriwa. Kila moja ya tatu hizo ingeweza kupungua au kuzidi kwa hadi 0.5, na kwa kuwa tunazijumlisha, makosa nayo hujumlika: 23 ile inaweza kuwa popote kati ya 21.5 na 24.5, sawa na wanafunzi 52 hadi 58. Nikamwomba anitumie hesabu ya karatasi zenyewe.