Skrinshoti imefutika: namna ya kumweleza fundi kitufe kilipopotelea

Mama mmoja mwenye gesti huku Raskazone, Tanga, alinipigia akilalamika kwamba wageni wanafungua fomu ya kuweka nafasi kwenye tovuti yake lakini hawaoni pa kuthibitisha. Mgeni mmoja alimtumia skrinshoti. Kabla sijaiona, mjukuu wake akafuta picha zote kwenye simu ili apate nafasi. "Lakini mwanangu, nimeiona kwa macho yangu. Kitufe hakuna."

Fundi aliyeijenga tovuti alishajibu kwamba kwake kitufe kipo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kazi yangu ni kujaribu tovuti na kuandika ripoti za hitilafu, na kesi kama hizi ndizo zinazonipa ugali, kwa hiyo nitaieleza hii moja hadi mwisho.

Neno "hakuna" halimsaidii fundi. Kitufe kinaweza kutoonekana kwa namna tatu, na kila moja ina chanzo chake. Kinaweza kufunikwa, yaani kuna kitu kingine kimekaa juu yake, kwa mfano tangazo la vidakuzi. Hapo fundi ataangalia mpangilio wa tabaka. Kinaweza kusukumwa pembeni, mara nyingi kwa sababu kuna kitu kipana kuliko skrini, na ukurasa wote unayumba kushoto na kulia ukiuvuta. Au kinaweza kukatwa: kipo mahali pake, lakini mahali penyewe pamevuka ukingo wa skrini. Kwa hiyo sikumuuliza mama kitufe kiko wapi. Nilimuuliza, "Ukiangalia chini kabisa ya kioo, kitu cha mwisho unachokiona ni nini?"

Alifungua tovuti kwenye simu yake, akanyamaza kidogo. "Naona pa kuandika namba ya simu, pote panaonekana. Chini yake peupe. Halafu kuna mstari wa kijani, mwembamba, hauna maandishi."

Mstari huo ulinitosha kuanzia. Vitufe vya tovuti ile vyote ni vya kijani, kwa hiyo alichokuwa anakiona ni ukingo wa juu wa kitufe kilichokatwa. Kingekuwa kimefunikwa, angeona kile kilichokifunika. Nikamwomba auvute ukurasa kwenda juu kwa kidole, taratibu, aniambie nini kinabadilika. "Ee! Pale juu penye anwani pamejificha, na kitufe kimetokea chote. Thibitisha."

Anayejenga tovuti za simu akisikia hivyo atashuku kipimo cha `100vh`, yaani kimo chote cha skrini. Kwenye Chrome ya Android, upau wa anwani ulio juu hujificha unaposogeza ukurasa kuelekea chini, na hurudi unaporudi juu. Fundi akiagiza fomu iwe na kimo cha `100vh`, kivinjari huhesabu kimo cha skrini kana kwamba upau umeshajificha. Upau ukiwa bado upo, fomu inakuwa ndefu kuliko nafasi iliyobaki, na kinachozidi kinaangukia chini ya ukingo wa kioo. Kwa kawaida upau huo una kimo cha pikseli 56. Niliingia kwenye msimbo wa ukurasa nikakuta kitufe kina kimo cha pikseli 48, na chini yake kuna nafasi ya 16. Jumla ni 64. Ukitoa 56 zilizozama, zinabaki 8 juu ya ukingo: ule mstari wa kijani usio na maandishi. Maelezo ya mama yalikuwa sahihi mpaka kwenye unene.

Likabaki swali la kwa nini kwa fundi kitufe kinaonekana. Ukurasa ule una vitufe viwili vya "Weka nafasi". Kimoja kiko juu kabisa, chini ya picha ya bahari. Kingine kiko chini, baada ya orodha ya vyumba na maelezo ya safari za Mapango ya Amboni. Anayebonyeza cha juu anafungua fomu upau ukiwa wazi, na kitufe kinakatwa. Anayeshuka kwanza kusoma vyumba anakuwa ameshauficha upau, kwa hiyo anaona kila kitu. Hata yule wa chini akirudisha ukurasa juu kidogo kabla ya kubonyeza, upau unarudi na hitilafu nayo inarudi. Isitoshe, fundi alijaribu kwenye kompyuta kwa kile kioo cha kuigiza simu ndani ya Chrome, na huko hakuna upau unaojificha. Angejaribu mpaka jioni asione kitu.

Kuhusu kivinjari, wengi hujibu "gugo" tu. Namwambia mtu afungue mipangilio ya Chrome, ashuke hadi sehemu ya kuhusu Chrome, anisomee namba ya mwanzo ya toleo. Namwuliza pia kama aliingia kwa kufungua Chrome mwenyewe au kwa kubonyeza kiungo ndani ya Facebook, maana Facebook ina kivinjari chake cha ndani chenye upau wa namna nyingine. Usitegemee fundi ataona aina ya simu kwenye kumbukumbu za seva. Tangu toleo la 110, la mwaka 2023, Chrome ya Android ilianza kujitambulisha kwa tovuti kama `Android 10; K`, simu iwe ya aina gani. Aina ya simu mwulize mwenye simu.

Ripoti niliyomtumia fundi ilikuwa hivi:

> Simu ya Android, Chrome iliyofunguliwa moja kwa moja, si ndani ya Facebook. Fungua ukurasa wa mwanzo na usiusogeze. Upau wa anwani uwe unaonekana. Bonyeza "Weka nafasi" cha juu, chini ya picha. Usiguse sehemu ya kuandika, kibodi isifunguke. Tazama chini: kisanduku cha namba ya simu kinaonekana chote, kisha nafasi nyeupe, kisha mstari wa kijani wa takriban pikseli 8 kwenye ukingo wa skrini. Nilitarajia kitufe "Thibitisha" kionekane chote. Vuta ukurasa juu: upau unajificha, kitufe kinatokea. Ukianza kwa kushuka hadi kitufe cha pili, hitilafu haitokei. Kwenye kioo cha kuigiza simu haionekani. Tumia simu halisi kwa waya na `chrome://inspect`.

Safari hii aliiona mara moja. Marekebisho yake ni mstari mmoja:

```css
.fomu-nafasi {
  position: fixed;
  top: 0;
  height: 100vh;
  height: 100dvh;
}
```

Kipimo cha `dvh` hufuata nafasi iliyopo kwa wakati ule, upau ukiwepo au ukijificha. Chrome inakijua tangu toleo la 108. Kivinjari cha zamani zaidi kinauruka mstari wa `100dvh` na kubaki na wa `100vh`, kwa hiyo kwa mgeni mwenye simu ambayo haijasasishwa miaka mingi hitilafu itaendelea.

Ile sentensi ya kibodi niliiweka makusudi. Kwenye Chrome ya Android, kibodi ikifunguka haibadilishi `vh` wala `dvh`. Inapanda tu juu ya ukurasa na kufunika kilichoko chini. Mgeni anayeandika namba yake atakikosa tena kitufe, safari hii kwa kufunikwa, na dawa ile haitamsaidia. Hiyo nimeiandikia ripoti yake peke yake, na mama nimemwomba awaambie wageni wafunge kibodi kwanza wakati fundi akiishughulikia.