Miguu minene haimfanyi mbwa kuwa jibwa

"Kaka, huyu mtoto wa mbwa nimemtoa Chamwino, pichani yuko na mama yake. Kwa miguu hiyo, si atakuwa jibwa?"

Miguu haitoshi, ndugu yangu. Simu ikishikwa karibu, miguu ya mbele huonekana minene kuliko ilivyo. Baba hayumo pichani, na watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba tofauti.

Jua umri kwanza. Mfungue mdomo: meno ya mbele ya utotoni yakiwa yanang'oka, ana kama miezi 4. Panda naye mizani, kisha toa uzito wako. Kwa umri huo, mbwa wa umbo la kati huwa amefika karibu nusu ya uzito wake wa ukubwani, hivyo kilo 7 zinaelekea 14. Mbegu kubwa huchelewa, kwao hesabu hii hupunja. Minyoo ikimkondesha, mizani nayo itakudanganya.