Picha ya jedwali na ombi la “niwekee kwenye Excel”

Juzi saa mbili usiku nilitumiwa picha kwenye WhatsApp. Katibu wa chama cha ushirika cha msingi, mzee ninayemfanyia kazi kila msimu wa kahawa, alikuwa ameandika: “Dada, naomba uniwekee hii kwenye Excel, kesho mchana tuna kikao.” Nikamjibu shikamoo, nikaikuza picha, nikajua usingizi umeahirishwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa imechapwa vizuri. Ina wakulima 34 katika vitongoji vitatu: Juu, Kati na Chini. Kwa kila mkulima kuna kilo za kahawa ya maganda na malipo ya awamu ya kwanza, kilo na malipo ya awamu ya pili, kisha jumla mwishoni. Bei zimeandikwa juu: 5,200 kwa kilo awamu ya kwanza, 5,500 awamu ya pili. Ila picha ilipigwa kwa pembeni, karatasi imejikunja, na flashi imeacha doa jeupe katikati.

Kazi yangu hapa Moshi ni ya kuchapa na kupanga mahesabu, na jedwali la namna hii silianzi kwa kuandika namba. Naanza na vichwa. Kwenye karatasi, “Awamu ya kwanza” imelala juu ya kolamu mbili, Kilo na Malipo. Macho ya mtu yanaelewa. Excel haielewi, kwa sababu seli zikiunganishwa maandishi yanakaa kwenye seli ya kwanza tu na zinazofuata ni tupu. Kwa hiyo naweka mstari mmoja wa vichwa: Kilo_1, Malipo_1, Kilo_2, Malipo_2. Havipendezi, lakini jedwali linachujika. Mistari ya jumla ndogo ya kila kitongoji naitoa pia, naiweka karatasi ya pili ya faili. Ikibaki katikati ya wakulima, ukijumlisha kolamu kila kilo itahesabiwa mara mbili.

Kolamu ya kitongoji ndiyo yenye mtego. Jina “Kati” limechapwa mara moja kwenye seli ndefu inayoshika wakulima wa 13 hadi 24, na limewekwa katikati ya seli hiyo. Ukiliandika pale unapoliona, linaangukia mkulima wa 18. Ukijaza kwenda chini, wakulima watano, wa 13 hadi 17, wanabaki wa kitongoji cha Juu, na hakuna namba yoyote itakayokushtua. Mimi natazama mistari ya mlalo: inayoishia kabla ya kolamu ya kitongoji iko ndani ya kundi, na unaovuka kolamu zote ni mpaka wa kundi. Jina naliandika kwenye mstari wa kwanza wa kundi. Kisha nachagua kolamu kuanzia A2 hadi mkulima wa mwisho, naenda Home, Find & Select, Go To Special, Blanks. Seli tupu ya kwanza ikiwa A3, naandika

```
=A2
```

halafu Ctrl+Enter, na zote zinajazwa kwa mkupuo. Baada ya hapo nanakili kolamu na kuibandika kama thamani pekee (Paste Special, Values). Ukisahau hatua hiyo, siku mzee akipanga majina kwa alfabeti, vitongoji vitahamahama.

Kuhusu mistari iliyolala upande, kuzungusha picha nzima hakusaidii karatasi ikiwa imejikunja. Ukinyoosha juu, chini kunapinda zaidi. Mimi naikata picha vipande, wakulima watano sita kila kimoja, na kila kipande nakizungusha peke yake mpaka mstari wake ulale sawa. Inachosha. Lakini ukisoma picha iliyopinda, jicho linaondoka na jina la mkulima wa 16 na kufika upande wa kulia kwenye pesa za wa 17.

Usiku ule nilifanya uvivu. Kolamu za awamu ya pili niliziandika kwa kushuka, namba baada ya namba, bila kukata vipande. Nikajumlisha: kilo zikalingana na karatasi, malipo yakalingana. Karibu nifunge kompyuta. Ila huwa nina kolamu ya ukaguzi kila mstari, nikaishusha:

```
=IF(AND(D2*5200=E2,F2*5500=G2,E2+G2=H2),"","ANGALIA")
```

Kuanzia mkulima wa 17 hadi wa mwisho, kila mstari unasema ANGALIA. Nilipokagua sehemu moja moja, kilo mara bei ilikubali kila mahali. Kilichokataa ni malipo mawili kujumlishwa na kulinganishwa na jumla ya mkulima. Kumbe mkulima wa 17 hakuleta kahawa awamu ya pili. Seli zake zote mbili zilikuwa tupu kwenye karatasi, mimi nikaziruka, na wote wa chini yake wakapanda ngazi moja. Namba zote zilikuwepo, kwa hiyo jumla ya chini isingeweza kulalamika. ANGALIA moja peke yake kwa kawaida ni tarakimu iliyosomwa vibaya. Zikianza mahali na kuendelea mfululizo, ni mstari umeteleza, na kosa liko pale zinapoanzia.

Zilibaki tarakimu zisizosomeka. Mkulima wa 6 alikuwa na kilo 136 au 186, sikuweza kutofautisha 3 na 8. Hiyo ilijijibu: malipo yake ni 707,200, ambayo ni 136 mara 5,200. Kwa 186 ingekuwa 967,200.

Wa 22 na wa 23 walinishinda. Doa la flashi lilifuta malipo yao ya awamu ya kwanza, mkunjo ukaficha jumla zao, na kilo za awamu hiyo zilisomeka kwa mashaka: 43 au 48, na 53 au 58. Nikachukua jumla ya kolamu nikatoa wakulima wengine 32, ikabaki 101. Nikafurahi mapema. 43 na 58 ni 101. 48 na 53 ni 101 vilevile. Malipo hayasaidii, kwani njia zote mbili zinatoa 525,200. Tofauti ni kilo tano, yaani shilingi 26,000 zinazoweza kuhama kutoka kwa mkulima mmoja kwenda kwa jirani yake huku hesabu za chama zikionekana safi kabisa.

Hapo sikisii. Siweki sifuri pia, maana sifuri inasema mkulima hakuleta kitu. Seli naiacha tupu, naipaka njano, na kwenye kolamu ya maelezo naandika “haisomeki, 43 au 48”. Alama ya kuuliza siiweki ndani ya seli ya namba, kwa sababu fomula ya kuzidisha itarudisha #VALUE! na SUM itairuka kimyakimya.

Asubuhi nikampigia mzee. Nikamwomba apige picha mistari miwili tu, karibu na dirisha, flashi imezimwa, simu ikiwa juu ya karatasi wima, na aitume kama Document ili WhatsApp isiibane. Ikaja baada ya dakika kumi: 48 na 53, na upande wa kulia wote unasomeka. Nikajaza, kolamu ya ukaguzi ikawa nyeupe kutoka juu hadi chini, nikatuma faili saa nne na nusu.

Akajibu: “Ahsante dada. Kuna karatasi nyingine tatu.”