Uza vipande arobaini kabla ya kukopa fedha za mashine

Wajasiriamali wengi wanaofika kwetu kuomba ushauri wa mkopo huja na sampuli mkononi na sifa mdomoni: kila aliyeijaribu ameipenda. Sampuli huwa nzuri kweli. Swali letu la kwanza, hata hivyo, ni wangapi wameilipia kwa bei ile ile itakayouzwa, na wangapi kati yao hawamjui mtengenezaji. Hapo mazungumzo hupoa kidogo.

Tuchukue mfano wa mtengenezaji wa sabuni ya kuogea isiyo na manukato, iliyokusudiwa watu wenye ngozi kavu. Anataka kununua mtambo wa kuchanganyia na kukatia. Ili tusifungwe na sarafu ya nchi yoyote, bei ya kipande kimoja tuiite alama 100. Mtambo una thamani ya vipande 3,000, yaani alama 300,000. Kabla ya kuugusa, atengeneze vipande 40 kwa mkono, kwa mafungu manne ya vipande kumi kumi. Kutengeneza mara nne kuna maana yake: kutamwonyesha kama anaweza kuirudia sabuni ile ile, au kama fungu la kwanza lilikuwa bahati.

Vipande hivyo 40 vitamtia hasara, na ni sawa. Malighafi ya rejareja ichukue 35, karatasi na boksi 15, kazi ya mikono 40, kumfikishia mteja 20. Jumla ni 110, wakati bei ni 100. Hasara ya alama 10 mara 40 ni 400, bei ya vipande vinne tu. Hiyo ndiyo gharama ya jaribio, ukiiweka kando ya mtambo wa 300,000. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kutoihesabu kazi ya mikono kwa sababu ni "yangu mwenyewe". Kosa jingine ni kushusha bei ili vipande viishe haraka. Ukijaribu kwa 60, umepata habari za sabuni ya 60. Ile ya 100 bado huijui.

Sabuni ya aina hii ikishakatwa huhitaji wiki nne hadi sita za kukomaa. Muda huo ndio wa kupokea oda za awali. Mtengenezaji aonyeshe sampuli, ataje bei na tarehe ya kukabidhi, kisha aombe arbuni ya nusu bei. Aseme wazi kwamba sabuni isipofika tarehe hiyo fedha zinarudi, na fedha zenyewe azitenge, asizitumie kwa mambo mengine. Na kabla ya kumwonyesha mtu wa kwanza, aandike kwenye karatasi idadi itakayomfanya aendelee na itakayomfanya asimame. Bila karatasi hiyo, matokeo yoyote yatakayokuja ataona yanatosha.

Tuseme amewaonyesha watu 60. Watu 38 wamesema wataichukua, lakini waliotoa arbuni ni 17. Ukiishia hapo utaona zaidi ya robo wamelipa na utafurahi. Sasa wagawanye. Kati ya wale 60, ndugu, marafiki na majirani walikuwa 20, na 11 kati yao wamelipa. Wageni walikuwa 40, wamelipa sita, sawa na asilimia 15. Mtambo ukishanunuliwa, karibu wateja wote watakuwa wageni, kwa hiyo namba ya kufanyia kazi ni hiyo ya sita. Nayo isichukuliwe kama kipimo kamili. Kwa kundi dogo la watu 40, asilimia ya kweli inaweza kuwa 7 au ikakaribia 29. Jaribio dogo linakuonyesha uelekeo. Wingi wa mauzo ya mwaka kesho halikuonyeshi.

Baada ya kukabidhi, asiulize "umeipenda?" Swali hilo linaomba heshima, na watu wataitoa. Asubiri wiki mbili tatu, kisha aulize mambo yaliyotokea: kipande kimebaki kiasi gani? Nani mwingine nyumbani anakitumia? Uliiacha sabuni gani ili utumie hii, au bado unaitumia ile ya zamani? Ni vyema anayeuliza awe mtu mwingine, maana ni vigumu kumwambia mtu usoni kwamba jasho lake halifai. Wale wageni 34 wasiolipa nao waulizwe, hata kumi tu kati yao. Hujibu kwa ukweli zaidi, kwani hawana cha kulinda.

Katika mfano wetu, majibu yanagusa jambo moja: kipande kinalainika na kuisha haraka. Mtengenezaji akirudi kwenye daftari lake anaona fungu linalolalamikiwa lilikabidhiwa likiwa na wiki tatu tu. Sabuni isiyokomaa bado ina maji mengi, hivyo huyeyuka upesi. Basi abadilishe muda wa kukomaa peke yake. Akibadilisha pia mafuta na karatasi kwa wakati mmoja, hatajua kilichosaidia ni kipi.

Kisha inakuja namba ninayoiamini kuliko zote: waliorudi kununua kwa bei kamili bila kukumbushwa. Tuseme kati ya wale 11 wanaomfahamu wamerudi wawili, na kati ya wageni sita wamerudi wanne. Picha imegeuka. Wale 11 wengi walimnunulia yeye, wala si sabuni. Wale wanne, alipowauliza, walikuwa tayari wananunua sabuni za ngozi kavu na hawakuridhika nazo. Huu si ushahidi wa kununua mtambo. Ni sababu ya kufanya duru ya pili, safari hii kwa watu ambao tayari wanatoa fedha zao kwa tatizo hilo.

Oda zikijaa, bado halijajibiwa swali la gharama. Mwaka 2014 boksi la kupoozea vinywaji lililoitwa Coolest Cooler lilikusanya zaidi ya dola milioni 13 za oda za awali kupitia Kickstarter, tovuti ambako watu hulipia bidhaa kabla haijatengenezwa. Gharama za kulitengeneza na kulisafirisha zikazidi kiasi ambacho waagizaji walikuwa wamelipa. Kampuni ilifungwa mwaka 2019 huku maelfu ya waliolipa wakiwa hawajapata kitu. Kwa hiyo mtengenezaji wetu apate bei za jumla kwa maandishi. Tuseme kwa mtambo gharama ya kipande, pamoja na kukifikisha, inashuka hadi 63. Akiuza mwenyewe anabakiwa na 37, na mtambo unarudi baada ya vipande 8,100 hivi. Akiuza kupitia maduka yanayochukua 25, anabakiwa na 12, na sasa anahitaji vipande 25,000. Kama jaribio lote lilikuwa la kuuza mkono kwa mkono, lijaribu duka pia.

Yapo mengine ambayo vipande 40 haviwezi kuyasema. Visipopata kasoro hata moja, kanuni ya wanatakwimu ni kugawa 3 kwa 40: kiwango halisi cha kasoro bado kinaweza kufika asilimia 7.5. Katika fungu la 500 hivyo ni vipande 37. Sufuria kubwa pia hutunza joto kuliko ndogo, na mchanganyiko uliotulia kwenye kalibu dogo unaweza kuumuka au kupasuka kwenye kubwa. Usalama wenyewe haupimwi kwa wateja kabisa: kiasi cha kostiki soda kikokotolewe na sabuni ipimwe kabla mtu hajaoga nayo, na vibali viulizwe mapema, kwani udogo wa fungu si lazima ukuondolee sharti la kuwa navyo.