"Mimi sikupokea, niligawa": dhana potofu kuhusu zawadi za sapulaya

Kila Desemba ikikaribia, na tena Ramadhani ikifika katikati, watu wa manunuzi, watu wa stoo na mameneja wa matawi wananiletea sentensi ileile: "Zawadi ililetwa kweli, ila mimi sikula hata punje, niligawia wenzangu." Wanaisema kwa amani kabisa, kama mtu aliyeshamaliza jambo. Kazi yangu ni komplayansi, yaani kuhakikisha sheria na sera zinafuatwa, kwenye makampuni binafsi hapa Dar, sera za zawadi nashinda nazo, na hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote kwa sababu wanaoisema wengi wao ni waaminifu kabisa, hawakutaka kuiba kitu, halafu ndo hao wanaokuja kukamatika vibaya.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kiwanda cha vinywaji, afisa manunuzi ananunua katoni za kupakia chupa. Sera ya kampuni iko wazi, mtu wa manunuzi hapokei kitu chochote kutoka kwa sapulaya. Tarehe 20 Desemba pikapu ya sapulaya wa katoni inafika getini na mchele kilo 25, dumu la mafuta lita 20, keki, na bahasha yenye kadi ya sikukuu na vocha ya supamaketi ya shilingi 200,000. Mlinzi anaandika kwenye kitabu cha geti namba ya gari, saa, na "mzigo wa fulani". Dereva anatoa dilivari noti, dada wa mapokezi anasaini, gari linaondoka. Afisa anashuka anakuta mzigo umeshashushwa. Anawaza kidogo, mchele na mafuta anawapa wahudumu wa usafi, keki inakatwa jikoni watu wa ofisi wanakula na chai, vocha anampa yule dada wa mapokezi maana ana mtoto anaanza shule Januari. Anarudi nyumbani mikono mitupu na roho nyeupe.

Sasa angalia makaratasi yanasemaje. Kitabu cha geti kina jina lake. Dilivari noti ina jina lake na sahihi ya mtu wa kampuni yake. Kwenye hesabu za sapulaya kuna mstari wa zawadi za wateja na jina lake lipo hapo, na mtu wa masoko ameshamwambia bosi wake kwamba "jamaa amepokea, ameshukuru sana". Upande wa kampuni yake mwenyewe hakuna kitu, si imeili, si meseji, si mstari kwenye rejista ya zawadi. Yaani ushahidi wote uliopo duniani unasema alipokea, na ule wa kusema hakupokea uko kichwani mwake tu.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalioni kabisa. Kugawa ni kazi ya mwenye mali. Huwezi kugawa mchele ambao si wako, ukiugawa maana yake uliupokea kwanza ukawa wako, ndo ukaamua wa kumpa. Na ulipogawa umewaingiza wenzako: yule wa ubora aliyekula keki ndiye atakayetakiwa kuzipima katoni, na yule wa mapokezi mwenye vocha ndiye anayewapokea mafundi na madereva wa sapulaya kila wiki. Zawadi ya mtu mmoja imekuwa ya idara nzima.

Machi katoni zinakuja laini, ukizipanga ghorofa tano ya chini inabonyea. Mtu wa ubora anataka mzigo urudi. Afisa anaandika barua ya kuukataa, jioni simu inaita, "Kaka, sisi si tumetoka mbali? Hata Krismasi tuliwakumbuka." Hajatishiwa, hajaombwa kitu, ila kuanzia hapo kila atakachoamua kina kasoro: akiukubali mzigo ataonekana amelipa fadhila, na akiukataa sapulaya anaweza kwenda kwa mkurugenzi na nakala ya dilivari noti akasema huyu tulimpa akapokea, sasa anataka zaidi. Nimeziona kesi za namna hii, na mara zote mtu anauliza "lakini si waulizeni wahudumu wa usafi niliwapa mimi?" Tukiwauliza wanasema ndiyo, alitupa yeye. Ndo ushahidi wa kwamba alipokea!

Kupeleka kituo cha watoto yatima ni yaleyale, kama umeamua wewe. Kampuni ikiamua, kwa maandishi, ni jambo lingine.

Kilichotakiwa kufanyika tarehe 20 si kigumu. Mzigo usifunguliwe, bahasha hasa, maana ukishaifungua hakuna atakayejua kilichokuwemo ndani ni vocha peke yake. Upigwe picha ulivyo. Siku hiyohiyo, sisemi wiki hiyohiyo, imeili iende kwa bosi na komplayansi: nini kimeletwa, na nani, saa ngapi, nani alisaini. Iingie kwenye rejista ya zawadi hata kama inarudi, maana rejista ni ya vilivyoletwa, haijalishi vilipokelewa au havikupokelewa. Kesho yake gari la kampuni linarudisha na karatasi ya kurudishia, na sapulaya anasaini na kugonga muhuri. Hiyo nakala yenye muhuri ndo itakayokusaidia Machi, itunze kwenye faili la sapulaya na si kwenye droo yako.

Keki na vitu vinavyoharibika haviwezi kusubiri mpaka makao makuu wajibu, hilo najua, na kuna wanaoleta mbuzi hai getini. Hapo mpigie bosi wako simu, aamue yeye, na uamuzi wake umwandikie kwenye imeili muda huohuo: "kama ulivyoelekeza saa nane mchana, keki imepelekwa kantini kwa jina la kampuni." Halafu sapulaya ajulishwe kwamba kampuni ndiyo iliyoamua na afisa hakupokea. Tofauti na kugawa mwenyewe inaonekana ndogo, lakini hapa kuna mtu mwingine anajua, kuna saa, na kuna barua.

Sasa maneno ya kumwambia sapulaya. Wengi wanakataa kwa upole uliopitiliza, "jamani si mngeacha tu", "msijisumbue", "hapa ofisini hapana bwana". Mswahili akisikia hivyo anaelewa kwamba ulete nyumbani, au ulete zaidi, au umbembeleze kidogo, maana ndivyo tunavyofanya na wageni, mara ya kwanza anakataa mara ya pili anakaa anakula. Mimi nawapa watu wangu meseji hii waibadilishe majina tu:

"Habari kaka. Mzigo wenu umefika, tunashukuru kwa kutukumbuka. Sera ya kampuni hairuhusu mimi wala mtu wa idara yangu kupokea zawadi ya sapulaya, ofisini wala nyumbani, kwa hiyo mzigo wote unarudi kesho asubuhi na gari letu. Naomba atakayepokea asaini na kugonga muhuri. Oda zenu na malipo yenu yanaendelea kama kawaida."

Sentensi ya mwisho usiitoe hata kama unaiona haina kazi. Sapulaya akirudishiwa zawadi kitu cha kwanza anachowaza ni kwamba amekosana na wewe au kuna mwenzake ametoa kubwa zaidi, ukimwambia biashara iko palepale anatulia. Na hii ndo inayojibu ile dhana nyingine kwamba kukataa ni dharau. Dharau ni kumrudishia mtu kitu chake bila neno, ukimshukuru ukampa sababu ambayo ni ya kampuni na wala si ya kwako, sapulaya wengi wanapumua, maana na wao hizo hampa ni gharama na wanaogopa tu kuwa wa kwanza kuacha. Dawa nzuri zaidi ni barua ya Novemba kwa masapulaya wote kwamba msitume. Kampuni inayosubiri mpaka mzigo ufike getini inamtesa mfanyakazi wake bure.

Kuna na visingizio vingine ninavyoletewa. "Kazi ilishaisha, hii ni asante tu." Hapana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, inagusa kishawishi cha kufanya jambo na pia tuzo kwa jambo lililofanyika, na inagusa faida unayopokea wewe au unayompokelea mtu mwingine, kwa hiyo na ile ya "mpe shemeji" haikutoi. Kwa haki niseme pia si kila zawadi ni kosa la jinai, lazima kuwe na nia ya rushwa, ila kuvunja sera ya mwajiri hakuhitaji nia yoyote. Unaweza ukawa huna kesi TAKUKURU na bado ukapoteza kazi.

"Rushwa ni mambo ya serikalini, sisi ni binafsi." Kifungu hichohicho kinamhusu wakala na mwajiri wake, na afisa manunuzi wa kiwanda binafsi ni wakala wa mwajiri wake. Wenzetu Kenya wameenda mbali zaidi, Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mtu mwenye mamlaka, hata kwenye kampuni binafsi, aripoti ndani ya saa 24 anapojua au kushuku kuna hongo.

"Kalenda na kalamu nazo?" Soma sera yako. Nyingi zinaruhusu vitu vidogo vyenye nembo, nyingine haziruhusu kitu kabisa, na hakuna kiwango cha kampuni ya rafiki yako kinachokusaidia.

Ya mwisho, "ameniingizia hela kwenye simu, mimi ningezuiaje?" Kuzuia huwezi, lakini usiitoe, usiitumie kwa ahadi ya kurejesha mwisho wa mwezi, usifute meseji. Piga skrinshoti, mtumie bosi, kisha mwambie aliyetuma aombe muamala urudishwe na mtandao wake, hiyo ndo njia safi zaidi. Ikifika jioni hajafanya, rudisha mwenyewe kiasi kilekile kwa namba ileile, makato ya kutuma uidai kampuni, usiyakate kwenye hela ya watu. Usirudishe keshi mkononi. Na angalia jina lililotokea kwenye muamala: mara nyingi ni laini binafsi ya mtu wa masoko, na kampuni yake inaweza isijue hata kama kuna hela imetoka. Kwa hiyo imeili ya kukataa iende kwa mkurugenzi wao pia, na tarehe, kiasi na namba ya muamala wa kurudisha viwe ndani.