Tufe lenye chaji likizunguka: momenti yake ya sumaku na uga ulio katikati

Chukua tufe la plastiki lililo tupu ndani, usambaze chaji ya umeme sawasawa juu ya gamba lake, kisha ulizungushe kwenye mhimili unaopita katikati. Hakuna waya wala betri, lakini chaji inayosafiri ni mkondo, na mkondo huzaa uga wa sumaku. Mwanafizikia Henry Rowland alilionyesha hilo mwaka 1876 katika maabara ya Helmholtz mjini Berlin. Alizungusha kisahani chenye chaji, na sindano ya sumaku iliyokuwa karibu ikasogea.

Kuhusu tufe letu tunauliza mambo mawili. Kwanza momenti ya sumaku, m, yaani ukimsimamisha mtu mbali, tufe hili litamwonekania kama sumaku ya nguvu kiasi gani. Pili, uga wa sumaku, B, ni kiasi gani pale katikati kabisa. Chaji yote tuiite Q, nusukipenyo cha tufe R, na kasi ya mzunguko, kwa radiani kwa sekunde, ω.

Njia ni kulikata gamba kuwa pete nyembamba, kama kitunguu cha kachumbari, huku kisu kikipita mkingamo wa mhimili. Pete iliyo kwenye pembe θ kutoka ncha ya juu ina nusukipenyo R sin θ, si R. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanachukua mkondo wote, Qω/2π, wanauzidisha kwa πR², wanapata QωR²/2. Hilo ni jibu la pete moja iliyobeba chaji yote kwenye ikweta. Tufe lina chaji karibu na ncha pia, na chaji hiyo huzunguka eneo dogo, kwa hiyo jibu la kweli lazima liwe dogo kuliko hilo.

Chaji ya pete moja ni (Q/2) sin θ dθ. Inamaliza mzunguko mmoja kwa muda wa 2π/ω, hivyo:

```
dI = (Qω/4π) sin θ dθ
dm = dI · π(R sin θ)²
dB = μ0 dI (R sin θ)² / (2R³)
```

Tazama mstari wa mwisho, ambamo μ0 ni namba isiyobadilika ya sumaku. Kila nukta ya kila pete iko umbali ule ule R kutoka katikati, ndiyo maana chini kuna R³ isiyobadilika na hesabu haisumbui. Mistari yote miwili, wa dm na wa dB, inaishia na sin³θ, na jumla yake kutoka 0 hadi π ni 4/3. Kwa hiyo integrali moja inajibu maswali yote mawili:

```
m = QωR²/3
B = μ0 Qω / (6πR)
```

Chaji ikiwa chanya, vyote viwili vinafuata mhimili: kunja vidole vya mkono wa kulia kufuata mzunguko, kidole gumba kitakuonyesha upande. Na uga huo hauko katikati tu. Ndani ya gamba lote una ukubwa ule ule na mwelekeo ule ule, jambo ambalo hesabu ya pete peke yake haikuambii.

Sasa tuweke tarakimu. Tufe lina nusukipenyo cha sentimita 10, chaji ya mikrokulombu 2, na linazunguka kwa radiani 300 kwa sekunde, karibu mizunguko 2,900 kwa dakika. Momenti inatoka 2×10⁻⁶ A·m², na uga wa katikati 4×10⁻¹⁰ T. Ukitaka kujikagua, B lazima iwe sawa na μ0 m/(2πR³), hapa inakubali. Uga wa dunia huku Nakuru ni kama mikrotesla 33, zaidi ya mara elfu themanini ya huo wetu. Dira ya simu haitaona chochote.

Basi tuongeze chaji? Hewa itakataa. Uga wa umeme juu ya gamba letu tayari ni volti milioni 1.8 kwa mita. Hewa ya usawa wa bahari huanza kupasuka kwa cheche karibu na milioni 3, lakini Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, na kikomo kinashuka hadi karibu milioni 2.4. Mikrokulombu 3 zingeweza kukaa Mombasa, Nakuru zingeruka.

Tufe kubwa zaidi lingebeba chaji nyingi, lakini ukiandika upya uga kwa kutumia E, uga wa umeme wa juu ya gamba, na v, kasi ya ikweta yake, huku c ikiwa kasi ya mwanga, unapata:

```
B = (2/3) E v / c²
```

R imetoweka. E imefungwa na hewa, kwa hiyo kilichobaki ni v, na hiyo nayo ina mwisho wake pale plastiki inapopasuka kwa kuzungushwa mno.