Theluthi Mbili ya Moja na Robo: Simu Ilipokipinga Kitabu

Ilikuwa saa sita kasoro robo usiku simu yangu ilipolia mara moja na kunyamaza. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, binti wa mtaa wa Langoni hapa Lamu mjini, alikuwa ameniletea picha mbili na chini yake maneno haya: "Masalkheri mwalimu, samahani kwa saa hizi. Mimi nimepata 1, na kitabu nyuma kinasema 1, lakini simu imenisahihisha. Nifuate lipi?" Picha ya kwanza ilikuwa ya ukurasa wa daftari lake, kivuli cha mkono kikiwa kimelala juu ya mstari wa mwisho. Ya pili ilikuwa ya skrini ya simu, ambapo programu inayosahihisha kazi kwa kupigwa picha ilikuwa imetia alama nyekundu kwenye jibu lake na kuandika 25/16, yaani moja na tisa juu ya kumi na sita.

Swali lenyewe lilikuwa fupi, la aina ile inayokuja mwanzoni mwa karatasi ya kwanza ya Hisabati katika KCSE, ambayo mtahiniwa huamriwa aifanye bila kikokotoo:

```
5/6 ÷ 2/3 of 1 1/4
```

Nakiri kwamba niliishuku picha kabla ya kushuku kitu kingine chochote. Programu za aina hii hufanya kazi mbili zilizo mbali sana: kwanza husoma picha na kuigeuza kuwa mstari wa alama, kisha huukokotoa mstari huo. Kazi ya pili haina shida kubwa, kwa kuwa mashine ikishapewa mstari haikosei kuzidisha. Makosa mengi niliyoyaona hutokea katika kazi ya kwanza, hasa usiku, mwanga unapokuwa wa upande mmoja. Kosa la kawaida kabisa ni la namba mchanganyiko: moja na robo ikiandikwa kwa kubanana, ile moja ya mbele husogea hadi ikaungana na moja iliyo juu ya nne, na programu ikasoma kumi na moja juu ya nne. Kwa hiyo nilimwomba mwanafunzi aniandikie kile ambacho programu ilionyesha chini ya picha yake kama swali, kabla ya jibu. Mstari huo mdogo wanafunzi wengi huuruka kwa haraka ya kulifikia jibu, ilhali ndio wa kusomwa kwanza. Akaniandikia:

```
5/6 ÷ 2/3 × 1 1/4
```

Namba zote zilikuwa sahihi. Kama moja na robo ingesomwa kumi na moja juu ya nne, jibu lingekuwa 55/16, wala si 25/16. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: neno `of` lilikuwa limeondoka na nafasi yake kuchukuliwa na alama ya kuzidisha.

Nilimwambia alale, tungeonana asubuhi. Lakini mimi mwenyewe sikulala mara moja, nikachukua kipande cha karatasi nikalitafuta jibu la simu kwa mkono. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote majibu mawili yanapogongana: badala ya kurudia njia yangu mara tatu ili nijihakikishie kwamba niko sawa, hulichukua jibu la upande wa pili na kuuliza ni njia gani ingelizaa. Ukianza kushoto, 5/6 kugawanya kwa 2/3 ni 5/6 mara 3/2, ambayo ni 15/12, yaani 5/4. Ukizidisha 5/4 hiyo kwa 5/4, ambayo ndiyo moja na robo, unapata 25/16. Jibu la simu lilikuwa limepatikana kwa hesabu safi, hatua kwa hatua. Kisha ukianza na `of`, 2/3 mara 5/4 ni 10/12, yaani 5/6, na 5/6 kugawanya kwa 5/6 ni 1. Jibu la kitabu nalo limepatikana kwa hesabu safi. Hakuna aliyekosea kuzidisha wala kugawanya. Walichotofautiana ni nani aanze.

Katika shule zetu za Kenya tunafundisha BODMAS, neno la kukumbushia kipi kikokotolewe kwanza, na herufi yake ya pili tunaifasiri kuwa ni `of`. Inafuata mabano moja kwa moja na kutangulia kugawanya. Mwanafunzi wetu anayeona `of` hujua kwamba kilichofungwa na neno hilo hukokotolewa kwanza, hata kama alama ya kugawanya imetangulia upande wa kushoto. Lakini katika nchi nyingine herufi hiyohiyo husimamia vipeo. Jirani zetu wa Tanzania waliosoma MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, hawana katika neno hilo herufi yoyote ya `of`. Na katika mapatano yanayofuatwa na programu nyingi za kukokotoa, kuzidisha na kugawanya vina daraja moja, na kinachoanza kushoto ndicho kinachofanywa kwanza. Programu ikishageuza `of` kuwa alama ya kuzidisha, kanuni yetu haina tena mahali pa kushika, kwa sababu neno lililoibeba limefutwa.

Asubuhi binti huyo alifika kabla ya kengele ya kwanza, daftari mkononi, na alikuwa na swali lililonifurahisha kuliko lile la usiku. "Mwalimu, maswali manne ya kwanza nilipiga picha vilevile, na simu ikakubaliana na kitabu yote. Kwa nini hili la tano tu?" Tukayafungua. La tatu lilikuwa hivi:

```
1/2 of 3/4 ÷ 3/8
```

Hapa `of` iko kushoto ya alama ya kugawanya. Anayeianza kwa sababu ya kanuni na anayeianza kwa sababu iko kushoto hukutana palepale: nusu ya robo tatu ni 3/8, na 3/8 kugawanya kwa 3/8 ni 1. Maswali mengine matatu yalikuwa na `of` pamoja na kujumlisha au kutoa tu, ambavyo huja mwisho kwa kanuni zote mbili. Ikiwa kinachohusika ni `of` na alama hizi nne za kawaida tu, tofauti hujitokeza pale alama ya kugawanya inaposimama upande wa kushoto wa `of` bila mabano kati yake. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kuitumia programu muhula mzima, akaiamini, kisha ikampotosha katika swali ambalo halina alama yoyote ya kumtahadharisha.

Aliuliza basi kama kanuni yetu ni ya kukariri tu, au ina maana. Babake ni fundi wa majahazi kule Matondoni, kwa hiyo tulizungumza kwa mafuta ya sifa, yale ya samaki yanayopakwa mbao za chombo. Tuseme fundi ana lita 5/6 za sifa. Kopo lake lina ujazo wa lita moja na robo, lakini yeye hulijaza theluthi mbili tu ili lisimwagike akipanda nalo ubavuni mwa chombo. Atajaza makopo mangapi? Hakuna fundi atakayeanza kwa kuigawanya sifa yake kwa theluthi mbili peke yake, kwa sababu theluthi mbili peke yake si kiasi cha kitu chochote mpaka tujue ni theluthi mbili ya nini. Katika Kiswahili chetu "theluthi mbili ya lita moja na robo" ni jina la kiasi kimoja, na hilo neno "ya" ndilo linalokifunga. Kiasi hicho ni lita 5/6, kwa hiyo atajaza kopo moja kamili. Akifuata jibu la simu, angetarajia makopo 25/16, kila moja likiwa na lita 5/6, ambayo jumla yake ni zaidi ya lita 1.3, na kwenye dumu hakuna hata lita moja.

Hata hivyo sikumwambia kwamba programu imekosa, na hapa nataka kueleweka vizuri. Mfano wa sifa unaonyesha kwamba kanuni yetu inafuata mazoea ya lugha. Hauthibitishi kwamba mstari wenye alama za ÷ na × peke yake lazima usomwe kwa namna yetu. Mstari ule uliooneshwa na programu, kama ulivyoandikwa, una jibu 25/16 kwa mapatano ya wengi, na mwanafunzi wangu angeupata hivyohivyo kwa kikokotoo. Alama ya ÷ ina udhaifu wake pia: haioneshi inaishia wapi. Mstari wa sehemu huonyesha, kwani kilicho chini yake chote ndicho kigawanyi, na kiwango cha kimataifa `ISO 80000-2` kinashauri alama ya ÷ isitumike kwa kugawanya. Vitabu vyetu vinaendelea kuitumia, na mtihani pia, kwa hiyo hatuna budi kuijua vizuri.

Dawa yake ni mabano. Nilimwambia achukue kalamu ya risasi na, kabla ya kukokotoa au kupiga picha, akifunge kila kilichoshikwa na `of`:

```
5/6 ÷ (2/3 × 1 1/4)
```

Tukaupiga picha mstari huo palepale mezani, kwenye mwanga wa dirisha, na programu ikatoa 1. Mabano hayo yana faida ya pili kwenye mtihani. Msahihishaji hutoa alama ya njia na alama ya jibu kando kando, na hatua ya 2/3 mara 5/4 ikionekana imeandikwa peke yake, alama ya njia hubaki hata kama mtahiniwa atateleza mbele katika kurahisisha.

Siku tatu baadaye alinijia tena, safari hii mchana, na swali la kumi na moja:

```
2/5 of 1 7/8 ÷ 9/20
```

Kitabu nyuma kilisema 2 1/3, simu ilisema 5/3, na yeye pia alikuwa amepata 5/3, yaani 1 2/3. Nilimwacha aeleze. Alikuwa ameusoma mstari chini ya picha na kuona namba zote zimesomwa sawa. Alikuwa amegundua kwamba `of` iko kushoto, kwa hiyo mpangilio hauwezi kuleta tofauti. Kisha alikuwa amejaribu kulitafuta jibu la kitabu kwa kila njia aliyoweza kuifikiria: kuanza na kugawanya, kusoma 1 7/8 kama 17/8, kusahau kugeuza 9/20. Hakuna njia iliyompa 2 1/3. Nikaifuatilia kazi yake: 2/5 mara 15/8 ni 3/4, na 3/4 mara 20/9 ni 5/3. Nikachukua nakala yangu ya kitabu hichohicho kwenye kabati, nikafungua ukurasa wa majibu. Nayo ilikuwa imechapishwa 2 1/3, ile moja na ile mbili zikiwa zimebadilishana mahali. Yeye alikuwa tayari amelikata jibu hilo kwa kalamu ya risasi kwenye kitabu chake na kuandika lililo sahihi pembeni, kwa mwandiko mdogo, pamoja na tarehe.